Tangazo: Mtoto Anatafutwa Kituoni

Ndugu abiria, madereva, makondakta na wafanyabiashara, tunaomba mtusikilize kwa utulivu.

Anatafutwa mtoto wa kiume, umri miaka 5. Amevaa fulana ya njano, kaptura ya bluu na kandambili nyekundu. Mgongoni ana begi dogo la kijani. Alionekana mara ya mwisho kwenye dirisha la tiketi namba 3, kama dakika 10 zilizopita. Jina lake hatulitaji, asije akaitwa na mtu asiyemfahamu.

Ukimwona, chuchumaa, zungumza naye polepole na ubaki naye hapo hapo. Usimtoe nje ya kituo, hata kwa nia njema. Mwite askari au mhudumu aliye karibu awalete ofisi ya matangazo, kando ya lango kuu.

Madereva, tafadhali msiondoe gari kabla ya kuangalia chini na nyuma yake. Makondakta, kagueni viti vyote.

Mama yake yupo nasi hapa. Mwanetu, kama unatusikia, simama hapo ulipo. Hujakosea, na hakuna atakayekugombeza. Mama anakuja.

Tutarudia tangazo hili baada ya dakika 2. Asanteni.