Andalio la Somo: Kujumlisha Sehemu Zenye Asili Tofauti (limehamishwa kutoka daftari la mkono kwenda kiolezo cha idara)

Maelezo kwa mwalimu wa somo

Mwalimu mwenzangu, andalio ulilonikabidhi kwenye kurasa mbili za daftari nimelihamishia katika kiolezo cha idara, na ninaomba ulisome kabla ya kulitumia, kwa kuwa yapo mambo machache niliyoyabadilisha. Lengo lako lilisomeka, "Wanafunzi waelewe kujumlisha sehemu." Kuelewa hakuonekani kwa macho wala hakusahihishwi kwa kalamu, kwa hiyo nimeligawa lengo hilo katika malengo matatu yenye vitenzi vinavyoweza kupimwa, kisha kila shughuli nikaiandikia herufi ya lengo inalolihudumia.

Nyakati ulizoandika zilikuwa dakika 10, 40, 30 na 15, ambazo jumla yake ni dakika 95, ilhali vipindi viwili vilivyofuatana vina dakika 80 tu. Nimepunguza maelezo ya ubaoni, si kazi ya wanafunzi. Katika swali la nne mwandiko haukuwa wazi kama ni 3/8 au 3/3. Nimeliandika 3/8 kwa sababu jibu ulilolitia pembeni, 13/24, linapatikana kwa 1/6 + 3/8 pekee.

Jambo lililonigusa zaidi halikuwa ndani ya hatua za somo hata kidogo. Pembeni mwa ukurasa wa pili uliandika kwa penseli: "Wanajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Angalia!" Maneno hayo yametokana na miaka ya kusahihisha madaftari, na kiolezo hakina kisanduku cha kuyaweka. Nisingeweza kuyaacha yapotee, hivyo nimeyafanya kuwa mhimili wa hatua ya pili.

Taarifa za somo

Somo ni Hisabati, darasa la tano, lenye wanafunzi 42. Mada kuu ni Sehemu na mada ndogo ni kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, kama ilivyo katika azimio la kazi, wiki ya 6. Muda ni dakika 80. Maarifa yaliyotangulia ni kujumlisha sehemu zenye asili sawa, kuandika sehemu zilizo sawa, na kutafuta Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) cha namba mbili.

Malengo mahususi

Ifikapo mwisho wa somo, kila mwanafunzi aweze:

(a) kuonyesha kwa vipande vya karatasi kwamba nusu na theluthi haziwezi kuhesabiwa pamoja mpaka zote zigawanywe katika vipande vyenye ukubwa uleule;

(b) kutafuta KDS cha asili mbili zisizozidi 12 na kuitumia kuandika sehemu zilizo sawa na zile alizopewa;

(c) kujumlisha sehemu mbili zenye asili tofauti, ambazo jumla yake haifiki 1, na kupata angalau maswali 4 kati ya 5.

Zana

Vipande 63 vya karatasi vyenye urefu wa sentimita 24, yaani vipande vitatu kwa kila jozi ya wanafunzi, pamoja na rula na penseli za rangi. Urefu wa sentimita 24 umechaguliwa kwa makusudi, kwani unagawanyika kwa 2, kwa 3 na kwa 6 bila kubakiza, na mwanafunzi anayepata shida kukunja theluthi kwa mkono anaweza kupima sentimita 8 kwa rula.

Hatua ya 1: Utangulizi (dakika 10)

Mwalimu anaandika ubaoni 2/7 + 3/7, swali lililokuwa la kwanza katika zoezi lako. Nimelileta hapa kwa sababu asili zake ni sawa, kwa hiyo linakumbusha somo lililopita lakini halipimi lengo lolote la leo. Wanafunzi wanajibu katika madaftari, kisha mmoja anaeleza kwa nini asili imebaki 7. Baada ya hapo mwalimu anaandika 1/2 + 1/3, na kila mwanafunzi anaandika jibu analolidhania bila kusahihishwa.

Hatua ya 2: Maarifa mapya (dakika 30, malengo a na b)

Wakiwa katika jozi 21, wanafunzi wanagawa kipande cha kwanza mara mbili na kupaka rangi nusu, kisha wanagawa cha pili mara tatu na kupaka rangi theluthi. Mwalimu anapita kati ya madawati na kuuliza, "Vipande hivi viwili vyenye rangi ni vingapi, na ni vya aina gani?" Swali hilo linastahili kuachwa lining'inie kwa muda, kwa kuwa jibu la "viwili" ni sahihi lakini halisemi ni viwili vya nini.

Hapo ndipo kosa lililoandikwa kwa penseli linapoletwa ubaoni waziwazi, bila kutaja jina la mwanafunzi yeyote: 1/2 + 1/3 = 2/5. Wanafunzi wanapima 2/5 ya sentimita 24 na kupata sentimita 9.6, wakati nusu peke yake ina sentimita 12. Jumla imekuwa ndogo kuliko kimojawapo cha vilivyojumlishwa, na wanafunzi wanaeleza wenyewe kwa nini jambo hilo haliwezekani.

Jozi zinagawa kipande cha tatu katika sehemu sita na kukilinganisha na viwili vya kwanza. Wanaona kwamba nusu inalingana na 3/6 na theluthi na 2/6, kwa hiyo jumla ni 5/6, yaani sentimita 20. Mwalimu anahusisha 6 na KDS cha 2 na 3, kisha jozi zinatafuta KDS cha 4 na 6. Tathmini ya hatua hii ni kila jozi kuinua kipande chake na kukieleza kwa sentensi moja.

Hatua ya 3: Uimarishaji (dakika 20, malengo b na c)

Mwalimu anakokotoa 1/4 + 1/6 hatua kwa hatua hadi 3/12 + 2/12 = 5/12. Wanafunzi wanakokotoa 1/3 + 1/5 na 3/10 + 1/4 katika jozi na kubadilishana madaftari ili kusahihishana. Majibu ni 8/15 na 11/20. Anayekwama anarudishiwa karatasi, si kanuni.

Hatua ya 4: Tathmini (dakika 15, malengo b na c)

Kila mwanafunzi anafanya peke yake: 1/2 + 1/4, 1/3 + 1/4, 2/5 + 1/2, 1/6 + 3/8, 2/3 + 1/9. Majibu ni 3/4, 7/12, 9/10, 13/24 na 7/9. Swali la nne lisiondolewe: mwanafunzi anayezidisha asili tu atafika 26/48, na hivyo utamtambua anayehitaji msaada wa KDS ijapokuwa hajakosea kujumlisha.

Maswali yako 3/4 + 2/3 na 5/6 + 1/2 yanazidi 1 na yanadai sehemu mseto, ambayo haimo katika malengo haya. Nimeyahamishia katika somo linalofuata, na mstari wa wiki ya 7 wa azimio la kazi umerekebishwa ipasavyo.

Hatua ya 5: Hitimisho (dakika 5)

Wanafunzi wanarudi kwenye jibu walilodhania katika utangulizi, wanalisahihisha kwa rangi tofauti, na kuandika chini yake sentensi moja inayoeleza kilichobadilika. Mwalimu anakusanya madaftari na kurekodi katika sehemu ya tafakuri idadi ya waliopata maswali 4 au zaidi, pamoja na idadi ya waliojumlisha asili kwa asili.