Maoni ya msahihishaji: swali la 2, kisa cha mikate ya Baba Dogo

Achieng,

Nimekupa 8 kwa 25. Najua utashangaa, maana umejaza kurasa nne na hukukosea fasili hata moja. Nguvu tano za Porter zinazoamua ushindani sokoni ziko zote, kwa mpangilio, hata mwaka wa 1979 alipozichapisha umeutaja. Lakini nilipofika mwisho nilifanya jaribio dogo: kila palipoandikwa "kampuni" niliweka kiwanda cha saruji, kisha saluni ya Umoja. Jibu lako halikuhitaji kubadilishwa hata nukta.

Swali lilikuwa moja. Mama mwenye kampuni ameletewa oda ya supamaketi: mikate 600 kwa siku, shilingi 46 kila mmoja, malipo baada ya siku 60, na mkate usiouzwa unarudishwa kwake. Akubali au akatae?

Wewe uliandika hivi: "Wanunuzi wakiwa wachache na wakubwa, huwa na uwezo wa kushusha bei. Kwa hiyo kampuni inapaswa kufanya utafiti wa soko, kuboresha ubora na kujenga uhusiano mwema na wateja." Sentensi ya kwanza ni kweli, na ndiyo inayoniuma. Ulishika ufunguo mkononi ukasahau kufungua mlango. Uwezo huo wa kushusha bei unaonekana wazi kwenye kisa: vioski vya Huruma na Dandora hulipa shilingi 50, tena kwa M-Pesa mkate ukishushwa tu.

Sasa tuhesabu, kwa sababu namba zote ulipewa. Tanuri linatoa mikate 1,500 kwa siku, na tayari 1,200 inakwenda vioskini. Nafasi iliyobaki ni ya mikate 300, si 600. Hili hukuligusa kabisa, na ndilo roho ya swali. Kukubali oda ni kuwanyima vioski mikate 300 kila alfajiri. Unga, hamira, mafuta, kuni na karatasi vinagharimu shilingi 38 kwa mkate, kwa hiyo kioskini anabakiwa na 12, supamaketi 8. Leo anapata 12 mara 1,200, yaani 14,400. Akikubali: 10,800 za vioski na 4,800 za supamaketi, jumla 15,600. Ameongeza 1,200 kwa siku. Mtu anaweza kusaini mkataba hapo hapo.

Rudi aya ya tatu ya kisa. Aliyekuwa akiiuzia supamaketi hiyo kabla yake alikuwa akirudishiwa mkate mmoja katika kila kumi. Mikate 60 mara 46 ni 2,760. Ile nyongeza imekufa, na sasa yuko chini ya alipokuwa kwa 1,560 kila siku, akiwa amechoka zaidi.

Kuna pesa taslimu pia. Mikate ya supamaketi inamla 22,800 kwa siku bila kuingiza senti hadi siku ya 60. Vioski vinamwachia 10,800, lakini mishahara, kodi na stima vinachukua 9,000. Kwa hiyo kila siku benki inapungua kwa 21,000. Akiba yake ni 840,000. Siku ya 40 imeisha, na hundi ya kwanza bado siku 20. Ulipotaka kuandika habari ya nguvu ya mnunuzi, ungetaja hapa wasambazaji walioachwa bila kulipwa wadai wa supamaketi ya Nakumatt walipopiga kura mwaka 2020 ifungwe. Hakuna msahihishaji wa Nairobi ambaye hangekupa alama.

Kuhusu "mazingira ya kisiasa yanaweza kuathiri biashara": yanaweza, ndiyo. Lakini unaandika juu ya mkate, Kenya, na mwaka 2024 Muswada wa Fedha ulitaka kuutoza mkate ushuru wa thamani ya ziada wa asilimia 16, kabla ya pendekezo hilo kuondolewa. Ungeuliza tu: shilingi 50 ya kioski ingekuwa ngapi?

Alama zako 8 zimetoka wapi? Nyingi ni za aya ya mwisho, uliposema mwokaji wa Ruaraka anavizia vioski vitakavyokosa mkate. Hiyo uliitoa kwenye kisa. Ungeanza nayo.

Sikulazimishi kumwambia mama akatae. Anaweza kuomba aanze na mikate 300 na malipo ya siku 14, ukionyesha hesabu nitakubali.

Andika upya, ukurasa mmoja, uniletee Alhamisi kabla ya kipindi cha jioni. Mstari wa kwanza uwe uamuzi. Porter aingie pale tu utakapomhitaji.