Daftari la makosa: hisabati, mtihani wa majaribio

Nimepata 61 kati ya 100. Alama 39 zilizopotea: 17 sijui mada, 14 uzembe, 8 sikusoma swali vizuri.

Sijui mada: karibu zote ni uwezekano. Swali la 15, mipira 5, myekundu 3, unatoa miwili bila kurudisha, uwezekano wa yote miwili kuwa myekundu. Niliandika 3/5 × 3/5; sahihi ni 3/5 × 2/4 = 3/10. Jumatatu na Jumatano narudia mada hii tangu mwanzo, kisha maswali 10 bila kuchungulia majibu.

Uzembe: alama hasi tu, kila mara. −3(x − 4) nikaipa −3x − 12! Kuanzia sasa kila mabano nafungua kwa mstari wake, siruki hatua. (Swali la 9 nililiita uzembe, lakini nimelirudia jana nikakosa tena. Limehamia juu.)

Kusoma vibaya: la 12 lilitaka kipenyo, nikatoa nusukipenyo. Napigia mstari kinachoulizwa kabla ya kugusa kikokotoo.

Jumamosi nafanya upya yote niliyokosa, karatasi tupu, saa mkononi.