Salamu kwanza, alafu ndo nimwongelee Bibi

Bwana Yesu asifiwe. Asifiwe sana.

Ndugu zetu Waislamu, nawaona mmekaa pale pembeni ya turubai, wengine mmetoka Kondoa usiku usiku, asalaam aleykum.

Na sisi wote kwa pamoja, kwa salamu ya hapa nyumbani: Mbukwenyi!

Ahsanteni. Wale mliokaa nyuma kule chini ya mkwaju sijawasikia vizuri, naomba tena. Mbukwenyi!

Sasa nimesikia, ahsanteni sana.

Mimi ni mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa kijana wake mkubwa. Familia imenipa kazi ya kumwongelea Bibi na mshereheshaji kaniambia vizuri kabisa kwamba muda umebana, jua hilo linapanda, itifaki imeshazingatiwa kwaiyo niende moja kwa moja kwenye wasifu. Namuomba radhi mbele yenu, nashindwa. Kwa mtu mwingine ningeweza ila kwa huyu hapana, maana nyie wote mnajua watoto wa njia nzima hii toka shuleni mpaka kisimani walikuwa wanamwita Bibi Mbukwa, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia Bibi neno lolote kabla hawajamaliza kusalimiana.

Nilikuwa na miaka kama kumi na moja, nikaja mbio kumwambia ng'ombe wameingia kwenye uwele. Alikuwa anapeta karanga hapo mlangoni. Akaweka ungo chini, akaniangalia, akasema Mbukwa. Nikasema Bibi ng'ombe! Akasema Mbukwa. Nikaitikia. Akauliza mmeamkaje, mama yako kaamkaje, mtoto yule mgongo umepoa, alafu ndo akasimama akachukua fimbo akasema haya, ng'ombe wa nani. Njiani akaniambia ng'ombe watatoka tu na uwele utaota tena, ila mtu ukimpita bila kumsalimia umemfanya kama kisiki. Sijawahi kusahau, na leo ndo siku ambayo siwezi kumpita mtu hapa. Kwaiyo mnivumilie kidogo, hizi salamu ni zake, mimi nazifikisha tu.

Babu, shikamoo.

Babu naanza na wewe na natamani ningekuwa na maneno ya kukutosha. Miaka 57 mmekaa wote. Toka Jumanne nakuona umekaa kwenye kigoda chako na ile funguo ya stoo ya Bibi, ile yenye kamba ya katani, umeizungusha kidoleni hujaiachia, hata ukipewa uji unashika bakuli kwa mkono mwingine. Hakuna mtu atakuomba hiyo funguo Babu. Kaa nayo. Sisi wajukuu tumekubaliana kwa zamu, kila mwezi mmoja wetu atakuwa hapa nyumbani, hutaamka asubuhi ukakosa wa kumwambia umeamkaje. Pole sana Babu yetu. Pole mno.

Bibi Mdogo, shikamoo. Wewe ndo umebaki peke yako katika ile nyumba yenu ya watoto sita. Umetoka Tabora kwa treni ya zamani, umekaa kwenye behewa usiku kucha na miguu yako hiyo, na ulivyofika hukutaka chai wala kupumzika, uliuliza tu dada yangu yuko wapi. Wote tuliokuwepo pale tulinyamaza. Pole Bibi.

Baba, Baba Mdogo, Shangazi Mkubwa, shikamooni na poleni. Baba nimekuona jana usiku ukizunguka kwenye zizi peke yako na tochi, sikukufuata maana nilijua unataka kukaa na mama yako kidogo.

Alafu Shangazi yetu mdogo. Shangazi naomba usimame kidogo watu wakuone, kama huwezi kaa tu, usijali. Huyu ndo alikuwa na Bibi hospitali wiki tano. Wiki tano anatandika khanga sakafuni chini ya kitanda cha mama yake, anaamka saa tisa usiku kumgeuza ubavu, asubuhi anamchana nywele na kumpaka mafuta miguuni maana Bibi hakutaka wageni wamkute na miguu imepauka. Tulikuwa tunapiga simu tunauliza anaendeleaje na yeye anasema anaendelea vizuri, na sisi tunalala. Yeye halali. Shangazi, kwa niaba ya wote waliokuwa wanapiga simu na mimi nikiwa wa kwanza, ahsante na utusamehe. Na manesi wa ile wodi, wawili wako hapa wamekuja na mapumziko yao, Mungu awabariki, tumewaona.

Wakwe zetu wa pande zote, karibuni na poleni. Mama, wewe uliingia nyumba hii ukiwa binti wa miaka ishirini na yeye akakupokea, nimesikia ukimlilia kwa sauti ya mtoto aliyefiwa na mama mzazi, na ndivo ilivyokuwa.

Baba Mchungaji na wazee wa kanisa, wanakwaya wa Mama mlioimba toka jana bila kuchoka, shehe wetu, mwenyekiti wa kijiji na viongozi wote mliofika, shikamooni na ahsanteni kwa kuja.

Sasa majirani. Hapa naomba nisikimbie. Kuna watu hapa watoto wao ukiwauliza watakwambia ni ndugu zetu wa damu kumbe ni majirani tu. Wazazi wetu walikaa mlango kwa mlango toka ile Operesheni Dodoma ya 1971, watu walivyoambiwa watoke kwenye matembe yao kila mtu na shamba lake waje wakae kijiji kimoja, na Bibi alikuwa anasimulia kwamba siku ya kwanza hawakuwa na paa wala choo, walikuwa na jirani tu. Mwenzio akiwa na moto unaenda na kigae unachukua kaa. Hizo nyumba ndo zimetulisha wiki hii. Jumanne saa nne asubuhi taarifa imefika, saa sita sufuria zilikuwa zimeshajipanga hapo nyuma, hakuna mtu aliyeitwa. Mama zetu wa jikoni, najua hamnioni na huo moshi lakini mnanisikia, ugali mliosonga, mlenda, maharage, maji mliyobeba kichwani toka kisimani ndoo baada ya ndoo kwa watu mia tatu, poleni kwa kazi na poleni kwa msiba maana na nyie mmefiwa. Kikundi chake cha vikoba nao mmekuja na sare zenu, na mmeniambia akiba yake yote iko sawa mpaka senti ya mwisho. Hilo angelipenda sana.

Na vijana. Vijana wa kijiji hiki nawavulia kofia. Nyie mnaijua ardhi yetu ya mwezi wa tisa, juu vumbi, chini imekauka imekuwa kama tofali, na mvua tunazitegemea Desemba huko. Walianza kuchimba saa kumi na moja alfajiri na taa za simu, futi ya tatu wakakutana na jiwe. Mtu mwingine angesema tuhamie pembeni. Wao wakasema hapana, Bibi alichagua mwenyewe hapa, pembeni ya mama mkwe wake, tutalitoa. Mipini miwili ya sururu imekatika, wakaenda kuomba nyundo, wakalipasua kipande kipande mpaka saa tatu. Nilienda kuwapelekea maji nikashika mkono wa mmoja wao kumpa pole, kiganja chote kimechubuka, malengelenge yamepasuka, na yeye ananiambia pole kaka. Yeye ndo ananipa pole mimi. Mungu awaone vijana, kwakweli hatuna cha kuwalipa.

Watani zetu Wahehe wa Iringa, mmefika na tumewasikia toka asubuhi, na nimemuona Babu akicheka mara moja tu toka Jumanne na ni nyie mliomchekesha. Ahsanteni. Endeleeni, mna ruhusa yote leo.

Waliotoka mbali, Dar es Salaam, Morogoro, Mwanza, wengine mmeingia Dodoma jana jioni na treni ya umeme mkapanda kosta mpaka hapa na vumbi lote hilo, poleni na safari. Bibi aliipanda hiyo treni mara moja tu, mwaka jana, alivyoenda kumuona kitukuu wake Dar, na aliporudi hakuongelea mwendo wala viti, alisema jirani yake wa dirishani alikuwa binti mmoja wa chuo mpole sana ana mama mgonjwa Singida, na akawa anamuombea kila Jumapili kwa jina. Binti yule hatujui yuko wapi leo. Popote alipo, pole na yeye.

Na wale ambao hawakuweza kufika, wagonjwa, waliobanwa na kazi, wale wa nje wanaofuatilia kwa simu ya binamu yangu hapo, tumepata salamu zenu, rambirambi zimeandikwa kwenye daftari kila mtu na jina lake, hakuna iliyopotea.

Kuna mtu nimemsahau? Kama yupo, basi anisamehe na aje anishike mkono baadae kabla hajaondoka, nitakuwa pale getini mpaka wa mwisho aondoke.

Amebaki mmoja. Yuko hapa mbele yetu na sitamsalimia sa hivi, mnivumilie, shikamoo yake nimeitunza, nitaisema kule nikiwa nashika udongo, tukiwa wawili. Hapa mbele yenu nimepewa kazi ya kusema alikuwa nani na sasa nadhani angeniruhusu.

Naomba tukae.

Bibi yetu alizaliwa mwaka 1947, mwaka ule ule Waingereza walioanza mradi wao wa karanga kule Kongwa, na siku anazaliwa baba yake hakuwepo nyumbani, alikuwa Kongwa huko na wanaume wengine wa Ugogo wanang'oa visiki kwa mshahara. Taarifa ilimfikia baada ya siku tisa kwa mdomo wa mtu aliyekuwa anapita na punda. Na yule mtu, kama Bibi alivyokuwa anapenda kusimulia, kabla ya kumwambia umepata mtoto wa kike, alimwambia kwanza Mbukwa.