Mpango wetu wa wiki ya mwisho kabla ya mtihani wa uchumi jumla

Ndugu zangu wawili wa kikundi cha Katuba,

Mtihani ni Jumatatu ijayo saa mbili asubuhi, nao utachukua saa tatu. Kuanzia leo tuna siku saba, mitihani minne ya miaka iliyopita, na mada tatu zinazotuangusha: kizidishi chenye kodi, mfano wa IS-LM na uchumi ulio wazi. Hesabu za pato la taifa tunaziweza, kwa hiyo tusizifungue kabla ya Jumamosi, hata kama moyo unapenda kurudi pale ulipozoea.

Leo Jumatatu tufanye mtihani wa kwanza kwa saa tatu kamili, bila daftari. Tutakaposahihisha, kila mmoja aandike kando ya kila kosa kama hakujua kanuni, alikosea hesabu au hakuelewa swali, kwa sababu makosa hayo hayatibiwi kwa dawa moja. Mtihani wa zamani kuliko yote tusiufanye mzima. Tutautoa swali mojamoja siku za mada ngumu.

Jumanne ni ya kizidishi. Mwelekeo wa kutumia ukiwa 0,8 bila kodi, kizidishi ni 5. Kodi ya asilimia 25 ya mapato ikiingia, kanuni ni hii:

```
k = 1 / (1 - c(1 - t)) = 1 / (1 - 0,8 × 0,75) = 2,5
```

Wote watatu tulisahau kuzidisha c kwa (1 - t), basi turudie kwa namba nyingine hadi mkono uzoee.

Jumatano nzima ni ya IS-LM, na naomba tusiharakishe. Serikali ikiongeza matumizi, IS inakwenda kulia, pato na riba vinapanda, na riba hiyo inapunguza uwekezaji wa watu binafsi. Benki Kuu ikiongeza fedha, LM inakwenda kulia na riba inashuka. Kila mmoja achore, kisha aeleze kwa sauti kwa nini mstari umesogea, maana mchoro usio na maelezo haujibu swali. Umeme ukikatika jioni, maelezo hayo yanafanyika hata gizani.

Alhamisi tufanye mtihani wa pili, tukilinganisha makosa na yale ya leo.

Ijumaa tusome uchumi ulio wazi kwa mfano wa hapa kwetu: bei ya shaba ikishuka duniani, mapato ya mauzo ya nje yanapungua, IS inarudi kushoto, na faranga inasukumwa kushuka thamani. Tukumbuke pia kwamba mtaji ukihama kwa uhuru, sera ya fedha hupoteza nguvu chini ya kiwango cha ubadilishaji kisichobadilika, na sera ya bajeti huipoteza chini ya kiwango kinachoelea.

Jumamosi asubuhi ni mtihani wa tatu. Mchana, hesabu za taifa kwa saa moja tu. Jumapili baada ya ibada tupitie orodha ya makosa yetu, tuandae kalamu na kikokotoo, na saa tatu usiku kila mtu awe amelala.