Bima Nani

Kitabu kilikuwa cha hesabu, kina jalada la kijivu lililoliwa na mende pembeni. Kwenye ukurasa wa kwanza mtu aliandika kwa wino wa buluu: Haji Makame, Darasa la 5, 1957. Riziki alikikuta kwenye kasha la babu yake alipotumwa kutafuta hati ya shamba, na karatasi ikadondoka palepale kwenye ukurasa wa vipimo, ule unaosema shibiri mbili ni mkono mmoja na mikono minne ni pima moja.

Ilikuwa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Juu yake pamechorwa kisanduku chenye kibonge upande mmoja, kitu kinene kama chupa, alama ya msalaba, na mstari wa nukta uliounganisha vyote vitatu. Chini kabisa kulikuwa na mistari ya kupinda-pinda. Maandishi yote ni ya Kiarabu, na irabu zake zimewekwa vizuri.

Riziki ana miaka kumi na mitatu na amehitimu juzuu kumi na mbili chuoni. Kusoma herufi hakukumpa tabu, ila alichosoma hakikumwingia akilini. Kwenye kisanduku: *msikiti*. Kwenye chupa: *buyu*. Kwenye msalaba: *baghu, maji baridi*. Na pembeni, kwa herufi ndogo, maneno matatu: *kaba bima nani*.

"Bibi, nani alikuwa na bima hapa?"

Bi Mwanahija alikuwa anapeta mchele. Hakuinua kichwa. "Bima gani? Enzi hizo mtu akizama amezama."

"Imeandikwa. Kaba bima nani."

Ungo ukasimama. Bibi akacheka mpaka chuya zikamwagika. "Unasoma kama mgeni. Hayo ni maandishi ya Kiswahili. Msome anavyosema mtu, usimsome anavyoandika."

Akamweleza huku akiokota chuya. Herufi za Kiarabu hazina *pe*, kwa hiyo watu wakaikopesha *be*. Hazina *ve*, wakatumia *fe*. *Ghaini* ikabeba *ga* na *nga*. Kasra ni *i* na pia ni *e*, dhumma ni *u* na pia ni *o*. Wako waliojua kuongeza nukta ili *pe* ijulikane, lakini Haji alikuwa mvivu wa nukta. Na sauti ya puani inayotangulia herufi, ile ya *mb* au *nd*, wengi hawakuiandika kabisa. Msomaji anaitia mwenyewe.

Riziki akachora jedwali nyuma ya daftari lake la jiografia. *Buyu* lilikuwa rahisi kwa sababu picha ipo: mti mnene kama chupa ni mbuyu. Basi *be* inaweza kuwa *mb*, na *kaba* ni kamba. *Bima* ni pima. *Nani* ni nane. Kamba, pima nane.

Akarudi kwenye msalaba. *Baghu*: be kuwa pe, ghaini kuwa nga, dhumma kuwa o. Pango. Pango, maji baridi.

Bibi hakucheka tena. Kwa muda wa miaka mitatu kisima cha mtaa wao hapa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kimekuwa kikitoa maji yenye ladha ya chumvi. Maweni hakuna mto. Mvua hupenya kwenye mawe ya matumbawe na kukaa chini kama utando wa maji baridi uliolalia juu ya maji ya bahari. Ukivuta kidogo kwa ndoo, utando unabaki. Ukitia mota ukavuta mchana kutwa, chumvi inapanda kutoka chini, na kuiteremsha tena si kazi ya mwezi mmoja. Mfereji nao hutoka siku mbili kwa wiki.

"Hilo pango nililisikia," alisema Bibi. "Lilizibwa jiwe nikiwa sijaolewa, mbuzi wa watu alitumbukia. Lakini kaka yangu Haji hakuniambia kwamba anapajua."

Kazi ya pili ilikuwa kujua karatasi inashikwa vipi. Skuli wamefundishwa kwamba juu ni kaskazini, na Riziki aliishika hivyo. Ile mistari ya kupinda ikawa kusini, naye akaidhania shamba lililopigwa matuta. Siku nzima ilipotea hapo, maana mstari ulimpeleka kaskazini kwenye uwanja wa mpira na nyuma yake nyumba za watu. Alipoinama tena juu ya karatasi ndipo akakiona kile kibonge cha kwenye msikiti. Msikiti hauna kibonge ila kimoja, nacho ni mihrabu. Kibla cha Unguja kinaelekea karibu sawasawa na kaskazini, kwa kuwa Makka iko juu yetu kwenye ramani, haikupinda mashariki wala magharibi ila kidogo sana. Kwenye karatasi kibonge kilitazama kulia. Kulia ni kaskazini, basi juu ni magharibi, na mistari ya kupinda iliyo chini ni bahari. Haji alichora kama mtu aliyesimama ufukweni akiipa bahari mgongo. Mtoto wa mvuvi angechora vipi tena?

Zilibaki namba. Baina ya msikiti na mbuyu kulikuwa na tisa yenye nukta mbele yake, na baina ya mbuyu na pango nne yenye nukta. Sifuri ya chuoni ni nukta. Kinyesi cha mende nacho ni nukta, na karatasi ilijaa. Tisa au tisini? Alichukua rula. Mstari wa kwanza ulikuwa sentimita tisa, wa pili nne, kwa hiyo Haji alichora kwa kipimo na namba mbili hizo zinakwenda pamoja: ama nukta zote ni sifuri, ama zote ni uchafu. Pima tisa ni kama mita kumi na sita, na kutoka kwenye gofu la msikiti wa zamani mpaka mbuyu ni mbali zaidi ya hapo kwa macho tu. Tisini, na arubaini.

Jumamosi alitoka na binamu yake Pandu, aliyeahidiwa urojo. Walichukua futi kamba ya fundi, ya mita tano, lakini hawakupimia hiyo moja kwa moja. Ukiilaza futi kamba fupi mara nyingi, kila unapoinyanyua unapoteza au unaongeza kidole, na vidole vikijumlika vinakuwa hatua. Waliitumia kukatia kamba ya manila iliyobaki kwenye mwani, mita ishirini, fundo kila mita tano. Kamba ya usumba waliiacha kwa sababu inarefuka ikivutwa na inafupika ikilowa.

Kwenda sawa porini kulihitaji vijiti vitatu. Unasimika cha kwanza na cha pili, kisha unachutama nyuma ya cha kwanza na kumwongoza mwenzio mwenye cha tatu mpaka viwili vya mbele vipotee nyuma ya kile kilicho karibu yako. Halafu unang'oa cha nyuma na kukipeleka mbele. Tatizo lilikuwa mbuyu wenyewe, maana una upana wa mita tatu na huwezi kuona ng'ambo yake. Riziki aliuhamisha mstari wote mita tatu upande wa kusini, akaanza upya kutoka msikitini, akapita kando ya mti, na ng'ambo akarudi mita tatu zilezile kaskazini.

Kitabu kinasema pima ni futi sita. Arubaini ni mita sabini na tatu. Walipima kamba tatu na mita kumi na tatu, wakafika kwenye shimo la udongo mwekundu lenye mipapai miwili. Walifukua kuzunguka mpaka adhuhuri. Mawe, mizizi, nge mmoja. Pandu akakumbusha habari ya urojo.

Riziki hakulala mapema. Kama mstari ni sawa na namba ni sawa, kilichobaki ni kipimo chenyewe. Asubuhi akafanya alichostahili kukifanya kwanza: akapima kile kinachojulikana. Kutoka gofu la msikiti mpaka mbuyu, kamba sita na mita kumi na tano. Akarudia, akapata hivyohivyo. Mita mia na thelathini na tano, wakati pima tisini za kitabu zingekuwa mia na sitini na tano hivi. Akagawa chini kwa kijiti: moja nukta tano.

Pima ni mikono miwili iliyonyooshwa, ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, na haizidi sana urefu wa mwenyewe. Haji hakupima kwa futi za kitabu. Alipima kwa mikono ya mtoto wa darasa la tano. Riziki akajibandika kwenye ukuta wa gofu, Pandu akatia alama za mkaa. Mita moja na sentimita arubaini na tisa.

"Nyinyi mlikuwa sare," alisema Pandu.

Arubaini mara moja na nusu ni sitini. Kamba tatu kamili. Jana walilipita pango kwa mita kumi na tatu, na huenda Pandu alilikalia, maana pale kamba ya tatu ilipoishia palikuwa na jiwe bapa alilopumzikia. Chini ya ukingo wake palitoka hewa ya baridi.

Hawakulisogeza siku ile. Sehemu ya mwisho ya maandishi ilikuwa haijafunguka, mstari ulio chini ya msalaba: *usishuki bafua*. Pandu alisema ni bafu. Riziki alitembeza jedwali lake: kasra ya mwisho ni *e*, usishuke, fe ni ve, na mbele yake pametoka sauti ya puani. Bamvua. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu bahari inapojaa sana, maji ya pangoni nayo hupanda. Alihesabu kwenye kalenda ya msikitini. Ilikuwa tarehe kumi na nne.

Wakangoja mpaka tarehe ishirini na mbili, maji mafu. Mjomba Ameir alikuja na mtaimbo na vijana wawili. Bibi alikuja na ubani, akapiga hodi kwenye mawe kwa sauti ya chini, akasema watoto wa Makame wamefika, wamekuja kwa heri. Hakuna aliyeteremka. Mjomba alikataa katakata: pango lililozibwa miaka mingi hujui hewa yake, na tochi haikuonyeshi hewa. Waliteremsha kidumu cha lita tano kilichokatwa mdomo, kimefungwa jiwe ubavuni ili kilale kikifika majini, maana kidumu kitupu huelea tu.

Riziki alihesabu pima kwa mikono yake. Sita. Saba. Kwenye ya nane kamba ikalegea, na kutoka chini ikapanda sauti ya kidumu kikimeza maji.

Bibi alionja wa kwanza. Akasukutua, akatema, akanywa tena na kumeza.

"Yana vumbi la popo," alisema. "Chumvi hayana. Yachemsheni."

Mjomba akauliza kama mota ingefika. Bibi akamtazama tu, naye akaanza kukunja kamba.

Jioni Riziki aliikunjua karatasi, akachukua penseli, na chini ya *kaba bima nani* akaandika kwa herufi za skuli: pima ya Babu ni mita 1.5. Kisha akairudisha kwenye ukurasa wa vipimo.