Sitapanda Mkarafuu

*Kijiji karibu na Wete, Pemba, msimu wa karafuu. Baada ya sala ya isha. Mama na mwanawe Nassor, miaka 16, wamekaa barazani wanachambua. Jamvi limejaa, makonyo yanarundikwa pembeni.*

NASSOR: Mama, kesho nitapanda.

MAMA: Utapanda nini?

NASSOR: Mkarafuu. Ule wa kisimani. Umeshapevuka. Wiki hii usipochumwa karafuu zitachanua, tukipeleka kuuza shirika la ZSTC zishashuka daraja.

MAMA: Atatafutwa mchumaji.

NASSOR: Wachumaji wanalipwa kwa pishi na bei yao wanajipangia wenyewe. Akishatoa chake, mabati ya jikoni tutanunua na nini?

MAMA: Nassor, ulimwahidi bibi yako hutapanda.

NASSOR: Bibi amefariki.

MAMA: Ndiyo. Na ahadi?

NASSOR: Ndiyo nakuuliza wewe. Ahadi ina watu wawili. Mmoja hayupo. Nikipanda, nani nimemkosea? Hatajua, hatalia, hatanigombeza.

MAMA: Kwa hiyo ungekuwa unaogopa kugombezwa tu?

NASSOR: Sikusema hivyo.

MAMA: Umesema hivyo hivyo. Chambua vizuri, hiyo umeiacha na kikonyo chake. Ibane kiganjani uizungushe, usiinyofoe. Soma sura ya Israa, aya ya 34: timizeni ahadi, hakika ahadi itaulizwa. Haikusema itaulizwa kama mwenyewe yu hai.

NASSOR: Sawa, tuseme ni deni. Ustadhi alitusomea chuoni hadithi ya yule mwanamke ambaye mama yake aliweka nadhiri ya kuhiji akafa kabla. Mtume akamwambia amhijie, kwani mama yako angekuwa na deni usingelilipa?

MAMA: Umeona!

NASSOR: Ngoja, mama. Pale aliyekufa ndiye mwenye deni. Hapa aliyekufa ndiye anayedai. Na mtu akifa anadai, deni linakwenda kwa warithi wake. Mrithi wa bibi ni wewe. Basi nisamehe wewe, yaishe.

MAMA: (*anacheka*) Huyu mtoto! Wewe usome sheria, uache mikarafuu.

NASSOR: Nijibu.

MAMA: Nimerithi kitanda, nimerithi sehemu ya shamba. Ile hofu yake siku Seif aliyovunjikiwa na tawi sikuirithi, ilikuwa yake. Aliletwa amebebwa kwenye mlango, bibi yako akashika miguu yake, haisogei. Usiku ule alikuita wewe, hakuniita mimi. Nitasamehe vipi kitu ambacho sikuombwa?

NASSOR: Basi hakuna wa kunifungua.

MAMA: Hakuna.

NASSOR: Hilo si haki. Angekuwa hai ningemwendea, ningemwambia, bibi, nimekua, nina kamba, tunahitaji fedha. Pengine angekubali. Aliye hai hubadili mawazo. Bibi amebaki na mawazo ya siku ile, na mimi nimebaki na miaka 10. Tena nilikuwa sijabalehe wakati ule. Hata kiapo cha mtoto hakihesabiwi.

MAMA: Dhambi sikuandikii. Nakwambia tu alilala usiku ule kwa sababu ya maneno yako. Asiyekuwepo hawezi kukusamehe, ukaambiwa ujisamehe mwenyewe, na wewe ndiye unayetaka kupanda. Hakimu gani huyo?

(*Kimya. Wanachambua.*)

NASSOR: Na mjomba Khamis?

MAMA: Khamis kafanyaje?

NASSOR: Nimekusikia jana ukizungumza naye kwenye simu. Na bibi alikuambia mbele yangu, Khamis asikanyage nyumba hii. Ukasema, sawa mama.

MAMA: Mambo ya watu wazima hayo.

NASSOR: Hakimu gani huyo?

MAMA: Nassor!

NASSOR: Nisamehe. Lakini nataka kujua. Yangu inafunga, yako haifungi?

MAMA: (*anaweka ungo chini*) Khamis alikodisha mikarafuu yote kwa siri, akachukua fedha akaenda zake Dar. Msimu mzima tukawatazama watu wengine wakichuma shamba letu. Bibi yako alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini kuniapisha nimkate ndugu yangu wa tumbo moja, hapo hakuwa na haki. Aliyeweka nadhiri ya kumuasi Mungu asimuasi, ndivyo tulivyofundishwa. Ahadi yangu haikufa na bibi yako. Ilikuwa mbovu tangu inatoka mdomoni.

NASSOR: Ulijua ni mbovu wakati unaisema?

MAMA: Nilijua.

NASSOR: Kwa nini ulisema?

MAMA: Alikuwa anakufa, mwanangu. Pumzi zinamwisha, amenishika mkono, anasema, niahidi. Ulitaka nikae nimsomee masharti?

NASSOR: Kwa hiyo ulimdanganya.

MAMA: Nilimdanganya. Baadaye nilifunga siku tatu kuwa kafara, kama ni kiapo, ingawa kwenye sura ya Maida kufunga ni kwa asiyeweza kulisha maskini kumi, na mimi wakati ule hata hao kumi sikuwaweza. Bado naliona kosa lile. Ndiyo maana nimechelewa kumpokelea simu.

NASSOR: Mimi sikumdanganya. Nilisema kweli nikiwa na maana yake.

MAMA: Basi ahadi yako ni nzuri kuliko yangu. Haimdhuru mtu, haikati udugu, inakulinda miguu. Gharama yake ni mabati.

NASSOR: Mabati si madogo. Mvua za vuli hizi, unapika umejifunika kanga kichwani.

MAMA: Napika. Seif naye bado anasogezwa kivulini na mkewe. Mti ule hauna huruma, Nassor, unaonekana mnene lakini tawi lake linakatika bila hata kulia. Nisingekuruhusu hata kama hukumuahidi mtu.

NASSOR: Ungesema hivyo tangu mwanzo! Umenizungusha hadi sura ya Maida.

MAMA: Ningesema hivyo ungenijibu, bibi ndiye aliyekataza, wewe una hofu tu.

NASSOR: (*baada ya muda*) Nilisema sitapanda. Sikusema sitachuma. Matawi ya chini nayafikia kwa upembo, nimesimama.

MAMA: Miguu yote miwili chini?

NASSOR: Yote miwili.

MAMA: Na ngazi?

NASSOR: Ngazi ni kupanda?

MAMA: Ngazi ni kupanda.

NASSOR: Sawa, bila ngazi. Nitapata labda robo ya mti. Kule juu ndiko kwenye mashada.

MAMA: Kule juu atachuma Khamis.

NASSOR: Anakuja?

MAMA: Ijumaa, na boti ya Mkoani. Ameniambia anataka kulipa kile alichochukua, fedha hana, mikono anayo.

NASSOR: Na akianguka?

MAMA: Atajifunga kamba. Amepanda miti ile kabla wewe hujazaliwa, na hakumwahidi mtu.

NASSOR: Atalala humu ndani?

MAMA: Atalala kwa Seif. Alivyosema bibi yako, nyumba hii.

NASSOR: Ulisema ile ahadi ni mbovu.

MAMA: Ni mbovu. Nipe siku mbili tatu. Na hilo rundo lako bado lina makonyo, rudia.